Meli Imeondoka Bila Mzigo: Barua ya Kumwandikia Mnunuzi wa Ng'ambo

"Dada, habari za kazi. Kuhusu mzigo wa Mjapani. Ile mashine ya kuchekecha ilikata beringi tarehe 11, fundi akazunguka Kariakoo akakosa, ikabidi iagizwe Nairobi, tukasimama siku sita. Tukaanza tena tarehe 17. Kontena la kwanza liko vizuri, sampuli imetoka safi. La pili tulivyopima uchafu ulikuwa asilimia 1.8 na wao wanataka 1, tukaurudisha mzigo kwenye mashine. Tumemaliza kupakia jana saa nne usiku. Sasa meli ya 27 imeondoka haikutusubiri, wakala anasema inayofuata ni ya tarehe 4 ila nayo imesogezwa hadi 9. Bandarini nako msongamano. Mwambie tu Mjapani meli imechelewa, awe na subira, mzigo wake upo na ni mzuri, mambo yatakuwa sawa Mungu akipenda. Halafu muombe asikate bei."

Ujumbe huu wa msimamizi wa ghala nimeutunga, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho wauza mazao nje hawakijui. Mzigo ni ufuta mweupe, tani 38 katika makontena mawili ya futi ishirini, kila moja magunia 380 ya kilo hamsini. Muuzaji yuko Dar es Salaam, mnunuzi yuko Yokohama, na bei ni dola 1,700 kwa tani, nauli ya meli ikiwa juu ya muuzaji. Mkataba unasema mzigo upakiwe melini si zaidi ya tarehe 31 Agosti. Leo ni tarehe 28. Dada aliyetumiwa ujumbe ndiye ofisa wa mauzo ya nje, na kabla ya jioni anatakiwa awe ametuma barua ya Kiingereza ya kuomba radhi na kueleza mzigo utafikaje.

Japani hununua nje karibu ufuta wake wote, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wa miaka mingi. Mnunuzi wa namna hii hajakaa akisubiri ufuta wa mtu mmoja. Nyuma yake kuna kiwanda cha mafuta au cha kukaanga ufuta kilichopanga zamu za kazi kwa kutazama tarehe aliyopewa. Barua ikimfikia, atatafuta mambo matatu: mzigo unafika lini, unafika kiasi gani, na yeye afanye nini leo. Ukirudi kwenye ujumbe wa msimamizi, hakuna hata moja kati ya hayo lililojibiwa waziwazi. Si kosa la msimamizi. Yeye alikuwa anamweleza mwenzake wa kazini ambaye mengine yote anayajua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dada huyu haihusiani na Kiingereza hata kidogo. Inabidi ampigie simu msimamizi, kisha wakala wa forodha, kisha kampuni ya meli, aujaze ule ujumbe mapengo yake.

Pengo la kwanza ni lile la kupakia. Ufuta hupakiwa mara nyingi kabla haujaondoka nchini. Magunia hupakiwa kwenye kontena ghalani na kontena hufungwa lakiri. Kontena hupakiwa kwenye lori. Lori huingia bandarini na kontena hushushwa uwanjani kusubiri. Mwisho, winchi hulinyanyua na kuliweka melini. Kwa mnunuzi na kwa benki yake, ni tukio hilo la mwisho peke yake linalohesabika. Tarehe yake huandikwa kwenye hati ya shehena, ile karatasi ambayo kampuni ya meli humpa muuzaji kuthibitisha kwamba mzigo uko ndani ya meli, na tarehe hiyo ndiyo tarehe ya kusafirisha. Msimamizi aliposema wamemaliza kupakia jana, alimaanisha magunia kuingia kwenye kontena la pili. Dada akiandika kwa Kiingereza kwamba mzigo ulisafirishwa tarehe 27, mnunuzi atampigia simu mteja wake kumwambia mzigo uko baharini, na siku tatu baadaye atagundua kwamba bado uko ghalani. Kuchelewa husameheka. Barua ya kuomba radhi yenye habari ya uongo, hata kama uongo huo haukukusudiwa, hufanya kila tarehe utakayoitaja baadaye itiliwe shaka.

Pengo la pili ni saa. Msimamizi aliposema saa nne usiku alimaanisha saa ambayo Kiingereza huiandika 22:00. Yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili anajua kuongeza au kupunguza sita, lakini mtu akiwa na haraka huteleza, hasa anapopanga simu ya pamoja. Yokohama wako mbele yetu kwa saa sita kamili. Simu ya saa nne asubuhi ya Dar ni 10:00 kwetu na 16:00 kwao, yaani jioni ya saa kumi kwa hesabu yetu. Tofauti ya nchi na tofauti ya hesabu zote ni sita, kwa hiyo mtu anaweza kuongeza mara mbili au asiongeze kabisa. Dawa ni kuandika saa zote mbili, ya Dar na ya Yokohama, kwa tarakimu nne. Tarehe nazo ziandikwe jina la mwezi kwa herufi, kwa sababu 4/9 Mtanzania ataisoma Septemba 4 na Mmarekani ataisoma Aprili 9, na Wajapani hutanguliza mwaka.

Pengo la tatu ndilo gumu, nalo ni sababu ya kuchelewa. Msimamizi anashauri mnunuzi aambiwe meli imechelewa. Ni kweli kwamba meli imechelewa, lakini ni meli ya pili. Ya kwanza iliondoka siku yake, tarehe 27, na mzigo haukuwa tayari. Ratiba za meli zinasomwa na mtu yeyote kwenye mtandao wa kampuni husika. Mnunuzi ataandika jina la bandari, ataona safu ya `ETD`, yaani siku ya kuondoka inayotarajiwa, na ndani ya dakika mbili atajua kwamba meli ya tarehe 27 ilikwenda na mizigo ya wenzako.

Ukiweka hesabu wazi, ucheleweshaji una sehemu mbili. Kutoka tarehe 27 Agosti hadi 4 Septemba ni siku nane, na hizo ni za muuzaji. Kutoka 4 hadi 9 Septemba ni siku tano, na hizo ni za kampuni ya meli. Jumla siku kumi na tatu. Barua nzuri inazitenga hivyo hivyo, za muuzaji zikitangulia. Hata hizo nane zina sababu yake ya ndani. Beringi kukatika ni jambo la kawaida kwenye mashine inayofanya kazi mchana na usiku katika msimu. Kilichosimamisha kazi siku sita ni kutokuwa na beringi ya akiba kwenye kabati. Halafu kiporo kikasafishwa kwa haraka kufidia muda, ndipo kontena la pili likatoka na uchafu wa asilimia 1.8. Mnunuzi anayesoma kwamba mashine iliharibika anajiuliza itaharibika tena lini. Anayesoma kwamba hamkuwa na beringi ya akiba na sasa mnazo mbili, ana jibu.

Msongamano wa bandarini ambao msimamizi ameutaja utolewe kabisa. Haukusababisha kuchelewa huku, na sababu ya nne au ya tano ikishaongezwa, zile za kweli nazo huonekana visingizio. Vivyo hivyo neno la kisheria la janga lisilozuilika, ambalo watu hupenda kulichomeka kwenye barua za Kiingereza kwa kuwa lina uzito. Kifungu hicho cha mikataba ni cha vita, mafuriko, amri za serikali na mengine yaliyoorodheshwa humo, na aghalabu kina masharti ya kutoa taarifa ndani ya siku fulani. Beringi haimo.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho waandishi wengi wa barua hizi hukisahau, nacho kina fedha nyingi kuliko radhi yenyewe. Mzigo huu unalipiwa kwa elsii, yaani barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi kulipa ikiletewa hati zinazolingana na masharti yaliyoandikwa. Benki haiuangalii ufuta. Inaangalia karatasi tu, kwa kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa ziitwazo UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 2007. Elsii inapokuja kwa njia ya mtandao wa mabenki, masharti yake hukaa kwenye mistari yenye namba. Mstari wa `44C` ni siku ya mwisho ya kusafirisha: 31 Agosti. Mstari wa `31D` ni siku elsii inapokufa: 21 Septemba. Mstari wa `43P` unasema kama mzigo unaweza kugawanywa, na hapa umekataza. Ndiyo maana kontena la kwanza, lililokuwa tayari, halikuweza kutangulia na meli ya tarehe 27.

Hati ya shehena yenye tarehe 9 Septemba ikifika benki ya Japani wakati `44C` bado inasema 31 Agosti, benki itaandika kwamba hati zina kasoro na itakuwa na haki ya kukataa kulipa. Mnunuzi anaweza kuikubali kasoro hiyo akitaka. Lakini kuanzia hapo uamuzi ni wake peke yake, mzigo ukiwa katikati ya bahari na bei ya ufuta ikiwa imepanda au imeshuka. Ikiwa imeshuka, jitayarishe kwa barua ya kuomba punguzo.

Hapa ndipo mtu fulani ofisini hupendekeza kwa sauti ya chini kwamba wakala aombwe atoe hati yenye tarehe ya 31 Agosti. Ni siku tisa tu, nani atajua? Ukiacha kwamba ratiba ile ile ya mtandaoni itasema, kuna kesi ambayo kila mkurugenzi angepaswa kuijua. Mwaka 2002 Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu ya nchi hiyo, liliamua shauri la benki ya Standard Chartered dhidi ya shirika la meli la taifa la Pakistani. Mzigo ulichelewa kupakiwa, hati ya shehena ikarudishwa tarehe nyuma ili elsii ilipe. Mkurugenzi mkuu wa kampuni iliyouza mzigo alijitetea kwamba alitenda kwa niaba ya kampuni. Baraza lilisema udanganyifu ni wake mwenyewe na fidia inamhusu yeye binafsi.

Wala tusidhani kwamba siku chache hazina uzito. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1877, ilisikiliza kesi ya Bowes na Shand kuhusu mchele wa Madras uliouzwa kwa sharti la kupakiwa Machi au Aprili 1874. Sehemu kubwa ya mchele ilipakiwa Februari, yaani mapema, na hakuna aliyesema ulikuwa mbaya. Mnunuzi aliukataa, na mahakama ikasema ana haki, kwa sababu mchele wa Februari si mchele aliokubali kununua. Mikataba mingi ya mazao hadi leo huchagua sheria ya Kiingereza. Siku ya kupakia, kwa sheria hiyo, ni sehemu ya sifa za bidhaa kama ulivyo usafi wake.

Kwa hiyo barua ya dada yetu ina ombi ambalo haliwezi kusubiri: mnunuzi aende benki kwake kuomba elsii ibadilishwe, na afanye hivyo kabla ya tarehe 31. Radhi bila ombi hili ni adabu tu. Na ombi liwe na namba kamili. Meli inatarajiwa tarehe 9, lakini `44C` isiombwe iwe 9. Meli iliyosogezwa mara moja husogezwa tena, na kurudi kuomba mabadiliko ya pili ni aibu kubwa kuliko ya kwanza. Iombwe iwe 15 Septemba. Elsii hii inatoa siku ishirini na moja za kupeleka hati baada ya kusafirisha, kwa hiyo `31D` iwe 6 Oktoba. Na `43P` iruhusu kugawa mzigo.

Hili la kugawa ndilo moyo wa mpango wa kufidia muda. Dada alipopiga simu zake aligundua kwamba kampuni nyingine ya meli ina chombo kinachoondoka tarehe 3 Septemba na nafasi ya kontena moja. Kontena la kwanza limeshapimwa, limefungwa lakiri na lina vyeti vyake. Likipanda meli hiyo litatarajiwa Yokohama tarehe 10 Oktoba, badala ya tarehe 1 iliyoahidiwa. La pili litafuata na meli ya 9 na kutarajiwa tarehe 14. Kiwanda kitapata nusu ya ufuta siku nne mapema kuliko kama yote yangesubiriana. Kwa kiwanda kilichobakiza akiba ya wiki moja, siku nne ni nyingi. Lakini huenda mnunuzi hataki kushughulika na forodha mara mbili, basi apewe nafasi ya kuchagua: kugawa, au yote mawili na meli ya 9. Achaguliwe njia zisizozidi mbili, na aambiwe ni ipi muuzaji anaipendekeza.

Kila hatua ya mpango iwe na siku, mtu wa kuifanya, na kitu ambacho mnunuzi anaweza kukiona kwa macho yake akiwa Yokohama. Kontena kuingia bandarini tarehe 31 Agosti: atapata picha ya lakiri inayosomeka namba. Sampuli ya kontena la pili baada ya kusafishwa upya: atapata ripoti ya mkaguzi wa kujitegemea, si neno la ghala. Nafasi kwenye meli: atapata uthibitisho wa kampuni ya meli wenye namba. Na zitengwe siku ambazo ziko mikononi mwa muuzaji na zile zilizo mikononi mwa wengine. Muuzaji anaweza kuahidi siku ya kuingiza kontena bandarini. Siku ya meli kufika Yokohama hawezi kuiahidi, anaweza tu kuripoti kwamba kampuni ya meli inaitarajia. Msimamizi alilisema hilo kwa njia yake, Mungu akipenda, na kwetu linaeleweka vizuri sana. Mjapani anahitaji kujua ni tarehe ipi imeshikwa na ipi inatarajiwa.

Radhi yenyewe iombwe mara moja, mwanzoni, na itaje madhara yaliyompata mwenzako, si maumivu yako. Barua zetu nyingi huomba samahani kwenye kila aya, na ikifika ya nne msomaji anaanza kuwa na wasiwasi kwamba kuna baya zaidi linakuja. Isiahidi pia kulipa hasara yoyote itakayotokea, kwa sababu hasara ya kiwanda kilichosimama hujui ukubwa wake na sentensi hiyo moja inaweza kuletwa mezani baadaye. Toa kitu chenye kipimo. Hapa muuzaji atabeba gharama za benki za kubadilisha elsii na atapunguza dola 15 kwa kila tani ya kontena la pili, jumla dola 285 katika mauzo ya dola 64,600. Lile ombi la msimamizi kwamba mnunuzi asikate bei lisiandikwe popote. Anayeombwa asikate bei hukumbuka kwamba anaweza kuikata. Anayetangulia kupewa kidogo mara nyingi huishia hapo.

Nasisitiza lugha nyepesi, kwa sababu Kiingereza cha barua hii si cha mwandishi wala si cha msomaji. Itasomwa na ofisa wa Yokohama, atamtafsiria meneja wa kiwanda, na sehemu ya elsii atainakili kwenye fomu ya benki. Sentensi fupi, mtendaji atajwe, na kitu kimoja kiitwe jina lilelile mwanzo hadi mwisho. Kontena la kwanza lisiwe shehena katika aya ya pili na mzigo tangulizi katika ya tatu. Misemo ya mapambo iachwe. Ila mstari mmoja wa salamu usiogopwe, ingawa vitabu vya barua za Kimarekani vinasema uende moja kwa moja. Wajapani nao, kama sisi, barua zao za kazi huanza na salamu na shukrani, na barua iliyokauka kabisa huwapa picha ya mtu aliyekasirika.

Baada ya hayo yote, barua iliyotumwa kwa Kiingereza inasema haya, nikiirudisha kwa Kiswahili. Kichwa chake kinataja namba ya mkataba, ufuta tani 38, kuchelewa kwa siku 13, na maneno kwamba ombi la kubadilisha elsii linahitajika kabla ya 31 Agosti.

"Asante kwa ushirikiano wenu wa siku zote. Nasikitika kukujulisha kwamba mzigo wa mkataba huu haukupanda meli ya tarehe 27 Agosti kama tulivyoahidi. Tunaomba radhi kwa kuchelewa huku na kwa usumbufu unaowapata ninyi na kiwanda mnachokihudumia.

"Siku nane za kuchelewa ni zetu. Mashine yetu ya kusafisha ilisimama kuanzia tarehe 11 hadi 17 Agosti kwa sababu hatukuwa na beringi ya akiba. Baada ya hapo kontena la pili lilipimwa na kukutwa na uchafu wa asilimia 1.8, tukausafisha mzigo upya kwa sababu mkataba unaruhusu asilimia 1. Siku tano nyingine zinatokana na kampuni ya meli kusogeza safari ya tarehe 4 Septemba hadi tarehe 9. Taarifa yao imeambatishwa.

"Tunapendekeza kontena la kwanza lisafiri tarehe 3 Septemba na kampuni nyingine ya meli, na la pili tarehe 9 Septemba. Kampuni za meli zinatarajia kufika Yokohama tarehe 10 na 14 Oktoba. Kontena la kwanza tutaliingiza bandarini tarehe 31 Agosti, na la pili tarehe 5 Septemba baada ya ripoti ya mkaguzi wa kujitegemea ambayo utaipata tarehe 3. Kama ungependa makontena yote mawili yasafiri pamoja tarehe 9, tafadhali tujulishe.

"Ili hati zikubalike, tunaomba benki yenu ibadilishe elsii kabla ya 31 Agosti: siku ya mwisho ya kusafirisha iwe 15 Septemba, siku ya mwisho ya elsii iwe 6 Oktoba, na kugawa mzigo kuruhusiwe. Gharama za benki zote za mabadiliko haya ni zetu. Kwa kontena la pili tutapunguza dola 15 kwa tani.

"Sasa tunazo beringi mbili za akiba ghalani. Nitakuandikia kila Ijumaa hadi makontena yote yatakapokuwa melini, hata kama hakuna jipya. Kesho nitakupigia simu saa 10:00 ya Dar es Salaam, ambayo ni 16:00 ya Yokohama, kama muda huo unakufaa."

Barua haifiki ukurasa na nusu. Ilichukua simu tatu kuitayarisha, na nusu ya ujumbe wa msimamizi haimo. Kuna atakayesema imekiri mno, hasa pale inaposema siku nane ni zetu. Mimi naona ilikuwa lazima. Mnunuzi angezihesabu mwenyewe, na angezihesabu akiwa peke yake, bila ripoti ya mkaguzi na bila meli ya tarehe 3 mbele yake. Lakini kama kiasi cha fedha ni kikubwa, au mnunuzi ameshaanza kutaja mawakili, barua ya namna hii isitoke kabla mwanasheria hajaisoma, kwa kuwa maelezo ya sababu ni ushahidi.

Jibu likirudi siku ya pili likisema asante, tumeelewa, tunakubali, usipande kontena melini ukidhani umemaliza. Kauli ya mnunuzi, hata iandikwe kwa upole namna gani, haibadilishi elsii. Hubadilishwa na benki iliyoitoa, na muuzaji naye lazima akubali. Mabadiliko huja kwenye benki yako ya Dar es Salaam kama ujumbe wa `MT707`. Mwombe ofisa wa benki akuchapishie, usome mstari mmoja mmoja ukilinganisha na ulichoomba, tarehe kwa tarehe. Kama mstari wa `44C` umerekebishwa na ule wa `43P` umesahaulika, kontena la kwanza lisipande meli ya tarehe 3.